Je, Wajua? Skrini pana huwapa wenzako maandishi madogo

Je, wajua kwamba katika kikao cha mtandaoni, kadiri skrini yako ilivyo pana ndivyo wanaokutazama wanavyopata shida kusoma?

Chukua skrini pana ya mezani yenye pikseli 3440 kwa 1440. Ukiionyesha yote, mwenzako mwenye kompyuta mpakato ya pikseli 1366 kwa 768 hupokea picha iliyobanwa mpaka upana wake uenee. Kila kitu hubaki takriban asilimia 40 ya ukubwa wake, na juu na chini hujitokeza mikanda myeusi. Herufi unazoziona vizuri kwako, kwake ni vidoti. Akikataa kubanwa, akachagua ukubwa halisi badala ya `Fit to Window` kwenye Zoom, herufi hukua, lakini kingo hukatika na inambidi aburute picha huku na huko.

Dawa iko kwa anayeonyesha. Usishirikishe skrini nzima. Chagua dirisha moja tu, kisha livute pembeni hadi lifikie kama pikseli 1280 kwa 720. Umbo hilo, 16 kwa 9, linakaribiana sana na la kompyuta mpakato nyingi, hivyo halihitaji kubanwa sana. Kulipanua dirisha lijaze skrini yako pana hurudisha tatizo lile lile. Kama ni jedwali refu kwenye kivinjari, bonyeza `Ctrl` na `+` ukuze maandishi, kisha usogeze safu taratibu. Mwombe mtazamaji mmoja akusomee tarakimu ya safu ya mwisho. Akisita, kuza tena.