Pilau ya Watu Wanane kwa Wageni Sitini

Kadi za mapishi za zamani ziliandikwa kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Siku ya hitima au arusi ndipo tabu inapoanza: kadi inasema watu 8, na wageni ni 60. Simu ya mkononi inaweza kupunguza kazi, lakini ina mahali inapokosea, na hesabu nayo ina mahali isipofaa kufuatwa kibubusa.

Anza na picha. Laza kadi mezani karibu na dirisha, simu iwe juu yake moja kwa moja, na uzime mwanga wa kamera, maana hung'aa kwenye madoa ya mafuta na kufuta herufi. Programu kama Google Lens itayasoma maandishi, nawe utayanakili. Kisha soma upya kila namba huku kadi ikiwa mkononi. Sehemu ndizo zinazoharibika zaidi: 1½ iliyoandikwa kwa kalamu inaweza kutoka ikiwa 112, au 1/2. Vifupisho navyo vina mtego. “K.ch.” yaweza kuwa kijiko cha chai, chenye mililita 5, au kijiko cha chakula, chenye mililita 15. Kwenye chumvi, kosa hilo ni mara tatu. Kama kadi haijafafanua, angalia kiasi cha mchele, ujiulize ni kipi kinacholiwa.

Sasa panga jedwali, kila kiungo na mstari wake, kiasi na kipimo vikae safu mbili tofauti. Ukiandika “vikombe 4” ndani ya kisanduku kimoja, programu ya jedwali haitaweza kuzidisha. Nusu iandike 0.5, kwa sababu ukiandika 1/2 programu nyingi huigeuza kuwa tarehe. Vinavyopimika kwa mizani vipime: kikombe cha mililita 250 hubeba takriban gramu 200 za mchele mkavu, na vitunguu “vitatu” havina maana mpaka ujue uzito wake. “Kiasi” cha pilipili manga kiache kama kilivyo, mpishi ataonja.

Kizidishi hupatikana kwa kugawa 60 kwa 8, nacho ni 7.5. Kiweke kwenye kisanduku F1, na katika D2 andika:

```
=B2*$F$1
```

Alama za dola huzuia F1 isihame unapoivuta fomula kwenda chini. Matokeo ya kadi yetu ya mfano ni haya:

| Kiungo | Kiasi | Kipimo | Kwa watu 60 |
|---|---|---|---|
| Mchele | 800 | gramu | 6,000 |
| Nyama | 1 | kilo | 7.5 |
| Vitunguu maji | 300 | gramu | 2,250 |
| Bizari nzima | 2 | kijiko cha chai | 15 |
| Chumvi | 3 | kijiko cha chai | 22.5 |
| Supu | 6 | kikombe | 45 |

Hakiki kwa kugawa: kilo 6 za mchele kwa watu 60 ni gramu 100 kila mmoja, sawasawa na 800 kwa watu 8. Vijiko vya chai 15 vya bizari ni vijiko 5 vya chakula, kwa kuwa vitatu hufanya kimoja.

Mstari wa supu ndio wa kutiliwa shaka. Mchele hunywa maji yanayokaribia ujazo wake wenyewe, na yaliyobaki huenda na mvuke. Katika kadi yetu, vikombe 4 vya mchele vilinyweshwa vikombe 6, kwa hiyo kama vikombe 2 vilipotea hewani. Kinachonywewa na mchele huongezeka mara 7.5, lakini mvuke hutegemea upana wa uso wa sufuria na muda wa kupika. Sufuria ya umbo lilelile yenye ujazo mara 7.5 ina uso mpana kama mara nne tu. Basi mchele wa vikombe 30 unahitaji vikombe 30, pamoja na kama 8 vya mvuke: jumla 38. Ukimimina 45 vya fomula, unakuwa umezidisha karibu lita mbili, na pilau itakuwa bokoboko.

Hayo ni makisio, kwani mchele hutofautiana na moto wa kuni si wa gesi. Tia vikombe 36 kwanza, uweke supu nyingine ya moto kando, uongeze kidogo kidogo punje zikibaki na kiini kigumu. Ukigawa katika sufuria mbili, kila moja ipigie hesabu yake, kwa maana nyuso mbili hutoa mvuke zaidi kuliko uso mmoja.

Shughuli ikiisha, ongeza safu moja kwenye jedwali uandike supu iliyotumika kweli. Kwa sufuria hiyo na mchele huo, namba hiyo itakufaa kuliko fomula.