Hosi Nene Inayopasuka Mapema

Bekho ni ile mashine yenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Hosi ya mafuta inayopita kwenye kiungo cha mkono huo ikipasuka mara mbili katika msimu mmoja, mwenye mashine huamua kumaliza tabu. Anaenda dukani, anataka hosi nene kuliko zote, yenye waya nyingi na namba kubwa ya presha. Analipa zaidi, fundi anaifunga, kazi inaendelea. Baada ya muda mfupi hosi mpya nayo inapasuka, tena mapema kuliko ile nyembamba iliyotangulia.

Muuzaji hakumdanganya, na hosi si lazima iwe bandia. Kilichoiua ni njia inayopita. Tuifuatilie hosi hii moja, ya nusu inchi kwa ndani, kwenye bekho ambayo valvu yake ya usalama imewekwa kufunguka presha ikifika bar 210. Hiyo ni kama psi 3,000, ilhali tairi la gari dogo hujazwa kama psi 30.

Ubavuni mwa hosi huandikwa aina yake na presha ya kazi. Hosi ya nusu inchi ya aina ya 2SN, yenye matabaka mawili ya waya za chuma zilizosukwa, huandikwa bar 275. Presha yake ya kupasuka ikiwa mpya haipaswi kupungua bar 1,100, yaani mara nne ya presha ya kazi. Pengo hilo halikuwekwa ili litumiwe kubebea mzigo. Limewekwa kwa ajili ya kuchoka kwa waya, joto la mafuta na mishtuko isiyozoeleka. Kwa hiyo muuzaji akikutajia namba kubwa ya kushangaza, muulize kama ni presha ya kazi au ya kupasuka, kisha soma mwenyewe kwenye hosi.

Kwa nini bar 275 na mashine ni ya bar 210? Ndoo inapogota mwamba, presha hupanda ghafla kabla valvu haijawahi kufunguka. Geji ya kawaida haiwezi kuufuata mruko huo wa haraka, lakini waya zilizomo ndani ya hosi zinaupokea, tena mara nyingi kwa siku. Hosi ya matabaka mawili ina nafasi ya kuubeba. Aina ya 1SN, yenye tabaka moja, ina bar 160 tu kwa ukubwa huo na haifai kabisa hapa hata kama kwa nje zinafanana. Kwa upande wa presha, basi, ile 2SN ya mwanzo ilitosha.

Sasa tuangalie mpindo. Kila hosi ina kipimo cha chini cha kukunjwa, nacho ni nusukipenyo cha duara dogo kabisa ambalo hosi inaweza kulifuata bila kuumia. Kwa 2SN ya nusu inchi ni milimita 180. Kwa 4SP, hosi nene ya matabaka manne yenye presha ya kazi ya bar 415, ni milimita 230. Waya zikiongezeka, hosi inakuwa ngumu zaidi kukunjika. Ukiikunja kupita kipimo, waya za upande wa nje wa kona hutanuka na kuachana, na za upande wa ndani hubanana. Presha husukuma palipoachana, na kila mkono unapofunguka na kujikunja waya hizo husuguana mpaka zikatike moja moja.

Ndipo unapochukua futi ya mkanda na kwenda kwenye kiungo cha mkono. Pima mkono ukiwa umejikunja hadi mwisho, kisha ukiwa umenyooka hadi mwisho, na ushike kipimo kibaya zaidi kati ya viwili. Tuseme mkono ukijikunja, hosi inageuka kwa umbo la U na pande zake mbili zimeachana sentimita 30 kutoka katikati hadi katikati. Nusu yake ni sentimita 15. Ondoa nusu ya unene wa hosi, inabaki kama sentimita 14, au milimita 140. Hapo 2SN imekunjwa kupita kiasi, na 4SP ndiyo imeonewa zaidi. Inayofaa ni 2SC. Hii nayo ina matabaka mawili na bar 275, ila imeundwa kuwa nyembamba na laini, na nusukipenyo chake ni milimita 130. Njia nyingine ni kuweka fitingi yenye kona ya digrii 90, ili chuma kigeuke badala ya hosi.

Urefu nao uhesabiwe. Hosi ikipata presha inaweza kufupika kwa hadi asilimia 4, yaani sentimita 4 kwa kila mita. Iliyofungwa ikiwa imekazika itajivuta kwenye fitingi zake. Acha pia kama sentimita 4 za hosi iliyonyooka kabla kona haijaanza, kwa sababu mpindo unaoanzia mdomoni mwa fitingi ndio unaopasua hosi nyingi pale pale kwenye kola. Na wakati wa kukaza nati, shika fitingi kwa spana ya pili ili hosi isijisokote. Mstari wa maandishi ubavuni ni shahidi: ukizunguka kama kamba, hosi imesokotwa, nayo chini ya presha itajaribu kujinyoosha na kulegeza nati.

Fitingi ina pande mbili, na zote zina mtego. Upande wa mashine, usiridhike kwamba nati imeingia vizuri. Kwa ukubwa wa nusu inchi, fitingi ya JIC yenye koni ya digrii 37 na ile ya SAE yenye koni ya digrii 45 zina hesi zilezile: kipenyo cha robo tatu ya inchi, hesi 16 kwa inchi. Nati itazunguka laini hadi mwisho, lakini koni hazikutani sawasawa. Itavuja, fundi ataikaza zaidi, na koni itapata ufa. Pima pembe ya koni kabla ya kununua. Upande wa hosi, kola hubanwa kwa mashine hadi kipenyo maalumu kilichomo kwenye jedwali la mtengenezaji wa fitingi kwa aina ile ya hosi. Ikilegea, hosi huchomoka. Ikizidi kubanwa, waya hukatika. Fundi makini hupima kola kwa kalipa baada ya kubana. Asiyepima anabahatisha.

Hosi inayokaribia kupasuka huonyesha dalili: uvimbe karibu na kola, mpira uliochanika hadi waya zenye kutu zikaonekana, au unyevu wa mafuta usiokauka. Usiutafute mvujo huo kwa mkono. Tundu dogo kama ncha ya sindano hurusha mafuta yanayoweza kupenya ngozi hata kupitia glavu. Teremsha ndoo na mkono hadi chini, zima injini, sogeza levya zote ili presha itoke, ndipo ufungue nati. Ikibidi kuangalia mashine ikiwa inafanya kazi, simama mbali na upitishe kipande kirefu cha boksi.

Jeraha la mafuta hayo linaweza kuonekana kama kitone tu na lisiume sana mwanzoni, huku mafuta yakiendelea kuua nyama ndani. Aliyepatwa apelekwe hospitali papo hapo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha. Jeraha hilo huhitaji upasuaji wa haraka, na saa chache za kusubiri zinaweza kugharimu kidole au mkono mzima.