Kushika gani? Maneno ya mashini ya plastiki

Hapa Lubumbashi, watoto wengi wa familia za migodi wanatumika sasa mu ateliye za plastiki, kule wanafanya beseni, ndoo na vifuniko vyake. Ekra ya mashini inasema Kiingereza, shefu anasema Kifaransa, na mufanyakazi anawaza mu Kiswahili. Sendika yetu ni ya wafanyakazi wa migodi, lakini mambo ya nyumbani yanatufikia pia. Wamama walituletea karatasi moja iliyokuwa imebandikwa kando ya mashini, kwa sababu kila kifuniko kilichoharibika kilikuwa kinakatwa ku mushahara wa vijana wao.

Yule aliyetafsiri karatasi ile alifwata diksionere tu. Fulashi aliiandika «mwangaza». Shoti shoti aliiandika «risasi fupi». Tulicheka, lakini hayo hayakuumiza mutu. Ubaya ulikuwa mu neno lingine: «kushika». HOLD ni kushika, CLAMP ni kushika pia. Shefu akipiga kelele «Ndugu, ongeza kushika!», kijana anagusa buton gani?

Hayo ni mambo mawili ya mbali kabisa. CLAMP ni nguvu ya kufunga mule, ile inayobana vipande viwili vya chuma ili visifunguke. HOLD ni presio inayoendelea kusukuma plastiki kiisha mule kujaa. Sisi tunapendelea kusema «nguvu ya kufunga» na «musukumo wa pili». Musukumo wa kwanza ni ule wa kujaza.

Sasa tuangalie kifuniko cha ndoo chenye sentimetre 30 ya upana. Pale penye unene, kama vile chini ya mukono wake, kunatokea kabonde. Wafaransa wanaita retasiri. Ngozi ya inje imekwisha kuwa ngumu, lakini ndani plastiki ingali ya moto. Ikipoa inajikunja na kuvuta ngozi ndani. Dawa yake ni musukumo wa pili: plastiki kidogo inaongezwa mbele mulango wa mule haujaganda. Mutu anaweza kupima mwenyewe. Aongeze muda wa musukumo wa pili sekonde moja moja, na kila mara apime kifuniko ku kilo. Uzito ukiacha kupanda, mulango umeganda, na kuongeza muda tena ni kupoteza wakati bure. Lakini aangalie pia kama visi inafika mwisho kabisa, ku sifuri. Ikiwa inafika, hakuna plastiki iliyobaki mbele yake ya kusukuma, hata presio ipande namna gani.

Kijana wa karatasi ile hakuwa na kabonde. Alikuwa na baviri, ule ulimi mwembamba wa plastiki unaotoka pale vipande vya mule vinapokutana. Karatasi ilimuambia: «Ongeza kushika.» Aliongeza HOLD, na ulimi ukazidi kuwa murefu.

Hesabu inaonyesha sababu. Kifuniko cha sentimetre 30 kina karibu sentimetre kare 707. Presio ndani ya mule ikiwa bar 300, ni karibu kilo 300 ku kila sentimetre kare, maana yake tone 212 zinazotaka kufungua mule. Mashini ya tone 250 inaweza kuzuia. Panda mpaka bar 400, zinakuwa tone 283. Mule inafunguka kidogo sana, jicho halioni, na plastiki inapita. (Musichanganye na namba ya ekra: mu mashini nyingi ile ni presio ya mafuta, na ya plastiki inaipita mara nyingi.) Kwa hiyo mbele ya ulimi tunapunguza musukumo, ao tunaongeza nguvu ya kufunga ikiwa mashini ingali na nafasi. Tunasafisha pia uso wa mule, maana kipande kidogo cha plastiki ya zamani kinatosha kuizuia kufunga.

Kufunga kupita kiasi nako kunaleta shida. Njia ndogo za hewa zinabanwa, hewa inakosa pa kutokea, na kifuniko kinatoka nusu. Hiyo ndiyo ile «risasi fupi». Tuandike tu «haikujaa». Ikiwa ku mwisho kuna rangi nyeusi ya kuungua, ni hewa iliyofungiwa. Ikiwa hakuna, angalia kwanza kama plastiki inashuka vizuri, kama kipimo kinatosha, na kama joto si la chini.

Kwa delege wa ateliye: mbele ya kukubali mushahara ukatwe juu ya baviri, omba upana wa kipande na tone za mashini. Ikiwa mule ni kubwa kuliko nguvu ya mashini, mwenye kuiweka pale ndiye wa kuulizwa, si kijana mwenye kukata ndimi na kisu usiku muzima.