Harub Yuko Mstari Gani?

Mwombe mzee anayeijua historia ya Zanzibar akusimulie ukoo wa masultani, naye atakupa maneno ya namna hii:

"Seyyid Said bin Sultan alifariki mwaka 1856. Zanzibar ikashikwa na mwanawe Majid, kisha Barghash, kisha Khalifa, kisha Ali, wote ndugu. Ali alipofariki mwaka 1893 akaingia Hamad, mtoto wa kaka yao Thuwaini aliyekuwa Maskati. Hamad alipofariki mwaka 1896, Khalid bin Barghash akaingia kasrini kwa nguvu, mizinga ya Waingereza ikamtoa, na akawekwa Hamud bin Mohammed. Hamud akafuatwa na mwanawe Ali. Ali alipojiuzulu mwaka 1911 akaingia shemeji yake Khalifa, mjukuu wa Thuwaini. Huyo alitawala hadi 1960, akafuatwa na mwanawe Abdullah, na Abdullah akafuatwa na mwanawe Jamshid, aliyepinduliwa Januari 1964."

Ni masimulizi mazuri. Lakini sasa jiulize: Jamshid ni nani kwa Seyyid Said? Wengi wataanza kuhesabu vidole na kupotea katikati, kwa sababu masimulizi yanafuata kiti cha enzi, nasi tunatafuta damu. Kiti kinaweza kutoka kwa kaka kikaenda kwa mdogo wake, kikarudi kwa mtoto wa ndugu, kikaruka kwa shemeji. Damu inakwenda njia moja tu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ndiyo maana nasaba husomeka vizuri zaidi ikiandikwa kwa orodha ya ngazi, kila kizazi kikiingizwa ndani hatua moja kuliko kile kilichokizaa.

Kabla ya kuandika orodha, vunja sentensi. Chukua karatasi nyingine na utoe kila jozi ya mtoto na mzazi, basi. Majid ni wa Said. Khalid ni wa Barghash. Hamud ni wa Mohammed. "Kisha" na "akafuatwa na" yaache, maana hayasemi lolote kuhusu uzazi. "Shemeji" liweke pembeni, tutalirudia. Neno la kuliangalia kwa makini ni "ndugu". Kwetu binamu ni ndugu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, hata mtu wa kijiji kimoja ni ndugu. Ukilikuta, usiandike kitu mpaka umeuliza: baba yao ni mmoja? Hapa jibu ni ndiyo, wote wanne ni watoto wa Said.

"Bin" ndiyo msaada mkubwa, kwa kuwa kila "bin" moja ni hatua moja ya kupanda juu. Mpate mtu akutajie jina hadi kwa babu wa babu, na utakuwa umepata tawi zima bila kuuliza swali lingine.

Hatari kubwa imejificha kwenye maneno mawili: "mjukuu wa". Mzee amesema Khalifa ni mjukuu wa Thuwaini, akampita mtu wa katikati. Mtu huyo ni Harub. Hakutawala, hivyo historia ya kiti haina haja naye. Mohammed, babake Hamud, naye hakutawala Zanzibar. Tumempata kwa bahati tu, kwa kuwa jina lake limebaki nyuma ya "bin". Katika orodha ya vizazi watu hawa wana mstari wao sawa na sultani yeyote.

Mzizi ni yule anayetokea kama mzazi na hatokei kama mtoto. Said naye ana baba, Sultan bin Ahmad, lakini tunaamua kukata hapa. Sasa andika. Kanuni ni kumaliza tawi zima la mtoto mmoja, hadi kitukuu na kilembwe, ndipo urudi kwa ndugu yake. Nimewapanga ndugu kama walivyojitokeza kwenye masimulizi. Ukijua umri wao, panga kwa umri. Miaka kwenye mabano ni ya kutawala Zanzibar.

```
1. Said bin Sultan
    2. Majid (1856-1870)
    2. Barghash (1870-1888)
        3. Khalid (1896)
    2. Khalifa (1888-1890)
    2. Ali (1890-1893)
    2. Thuwaini
        3. Hamad (1893-1896)
        3. Harub
            4. Khalifa (1911-1960)
                5. Abdullah (1960-1963)
                    6. Jamshid (1963-1964)
    2. Mohammed
        3. Hamud (1896-1902)
            4. Ali (1902-1911)
            4. Matuka
```

Namba si ya kuhesabu watu, ni ya kizazi. Niliiweka makusudi, kwa sababu nafasi tupu mwanzoni mwa mstari hupotea kirahisi maandishi yanaponakiliwa, na zikipotea, namba inabaki kusema nani yuko ngazi gani.

Jamshid ni namba 6, yaani kining'ina wa Seyyid Said. Akina Khalifa wawili na akina Ali wawili, wanaowachanganya wanafunzi kila mwaka, sasa wameachana kwa hatua mbili kila jozi. Na mzozo wa Agosti 1896 unaonekana kwa jicho: Hamad, Khalid na Hamud wamesimama ngazi moja chini ya baba watatu tofauti. Ni mabinamu. Ongeza tawi la Oman, yaani Turki bin Said, kisha Faisal, Taimur, Said na Qaboos, na utaona Qaboos, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi 2020, naye ni namba 6, ngazi moja na Jamshid.

Tuseme sasa tumemsahau Harub. Khalifa angepanda hadi namba 3, akawa mtoto wa Thuwaini na kaka wa Hamad, na Jamshid angekuwa kilembwe. Orodha ingeonekana safi kabisa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kila ninapopewa nasaba iliyokwisha kupangwa. Kosa linanaswa kwa miaka. Thuwaini aliuawa mwaka 1866. Khalifa alizaliwa mwaka 1879. Hakuna mtoto anayezaliwa miaka 13 baada ya baba yake kufa, kwa hiyo kuna mtu amekosekana katikati. Kosa jingine linaonekana kwa macho tu: mstari ukiingia ndani hatua mbili kwa mpigo, mzazi hayupo. Kutoka nje hatua mbili au tatu si kosa. Ni tawi limekwisha.

Turudi kwa shemeji. Matuka binti Hamud aliolewa na Khalifa bin Harub, naye ndiye mamake Abdullah. Abdullah basi ana haki ya kukaa mahali pawili. Ukimwandika mara mbili, msomaji atadhani ni watu wawili. Mwandike chini ya baba, na mbele ya jina la Matuka uandike "mke wa Khalifa bin Harub, watoto tazama kwake". Kwa njia zote mbili Abdullah anatoka namba 5, jambo ambalo si la kila ukoo. Binamu wa vizazi tofauti wakioana, mtoto wao huwa na namba mbili, na itabidi ufuate ile ya upande ulikomwandika.

Bado yuko mtu mmoja ambaye masimulizi ya kiti hayawezi kumtaja. Salme, binti wa Said, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Watoto wake hawana "bin" wala "binti" wa kutusaidia. Hawa hupatikana kwa kumuuliza mzee swali moja zaidi: na mabinti je?

```
    2. Salme
        3. Antonie
        3. Rudolph
        3. Rosalie
```

Rudolph, aliyezaliwa Hamburg, anasimama ngazi ileile na Khalid wa kasrini.