NDOO YA TAKA JIKONI: Chakula gani kinakula hela yako kila wiki, na kwa sababu gani?

Wewe unayeuza chakula cha mchana, iwe una kantini ofisini au unapokea oda za WhatsApp na kupeleka kwa bodaboda, hii ni yako.

Wauzaji wengi wa chakula tunajua kwamba kuna chakula kinamwagwa. Ukimuuliza mtu ni kiasi gani, anajibu "kidogo tu" au "wali unabaki sana". Jibu hilo halikusaidii kuamua kitu. Unachohitaji ni kujua hasara kwa shilingi, kwa kila chakula na kwa kila sababu. Wali uliobaki na wali ulioungua vyote vinaingia ndoo moja, lakini dawa yake sio moja. Wa kwanza unatibiwa asubuhi unapopima mchele, wa pili unatibiwa kwenye jiko.

Twende hatua kwa hatua.

1. DAFTARI LIWE FUPI

Tundika daftari karibu na ndoo ya taka, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila kinachomwagwa kinaandikwa kabla hakijaingia ndooni: tarehe, chakula, kiasi, sababu. Basi.

Sababu ziwe chache ili mpishi asisimame kufikiria. Nne zinatosha:

Kilibaki: kimepikwa vizuri, hakikununuliwa.
Kiliungua: kimeharibikia jikoni wakati wa kupika.
Kiliharibika: kimechacha, kimenyauka au kimeoza.
Kosa la oda: kimepikwa au kufungwa, kikarudi au hakikuchukuliwa.

Kiasi kipimwe kwa mizani. Pima kila sufuria ikiwa tupu na uandike uzito wake ubavuni, ili baadaye utoe tu. Vitu vinavyohesabika kama samaki na chapati, hesabu vipande.

Mambo matatu usiyachanganye humo. Maganda na mizizi sio hasara, hayo lazima yatoke. Ule ukoko mwembamba ambao wateja wenyewe wanaugombania, nao sio hasara. Na makombo ya kwenye sahani yawe na ndoo yake, kwa sababu mteja ameshalipia. Ila makombo ya wali yakiwa mengi kila siku, jua unapakua kuliko watu wanavyokula.

2. TAFUTA GHARAMA YA KILO ILIYOPIKWA

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wali kilo 1 ukimwagwa, wanaandika bei ya mchele kilo 1. Lakini mchele ukiiva umenywa maji, kilo moja mbichi inatoa zaidi ya kilo mbili za wali. Mchicha ni kinyume: unaingia sufuria imejaa, unatoka umenywea chini.

Kwa hiyo chukua gharama yote ya sufuria, gawanya kwa uzito wa chakula kilichoiva. Bei hizi ni za mfano, weka za sokoni kwako.

Wali: mchele kilo 10 kwa 2,800 ni 28,000. Mafuta, vitunguu na chumvi 4,000. Gesi 3,000. Jumla 35,000. Umeiva kilo 25, kwa hiyo kilo moja ni 1,400.

Maharage: maharage kilo 4 kwa 3,000 ni 12,000. Nazi, nyanya, vitunguu na mafuta 6,000. Gesi 4,000. Jumla 22,000. Yameiva na mchuzi wake kilo 11, kilo moja ni 2,000.

Mchicha: mafungu 20 kwa 500 ni 10,000. Viungo na mafuta 4,000. Gesi 1,000. Jumla 15,000. Umeiva kilo 5, kilo moja ni 3,000.

Samaki wa kukaanga: kipande kimoja 3,000, pamoja na mafuta na viungo.

Umeona? Kilo ya mchicha ulioiva imegharimu zaidi ya mara mbili ya kilo ya wali. Kwa macho huwezi kuliona hilo ndani ya ndoo.

Kama kitu kimeharibika kabla ya kupikwa, tumia bei ya kununulia tu. Mchicha ulionyauka ni 500 kwa fungu, kwa sababu hujautia mafuta wala gesi. Na usitumie bei ya kuuzia kwenye hesabu hii. Tunatafuta hela iliyotoka mfukoni, sio faida uliyoiota.

3. JUMLISHA MWISHO WA WIKI

Tuchukue kantini ya mfano inayofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Daftari lake limesema hivi:

Wali: kilibaki kilo 13 (18,200), kiliungua kilo 3 (4,200). Jumla 22,400.
Samaki: kosa la oda vipande 5 (15,000), kilibaki vipande 2 (6,000). Jumla 21,000.
Maharage: kiliharibika kilo 3 (6,000), kilibaki kilo 2 (4,000). Jumla 10,000.
Mchicha: kilibaki kilo 1 (3,000), kiliharibika mafungu 6 mabichi (3,000). Jumla 6,000.

Hasara ya wiki ni 59,400. Ukiigawa kwa sababu: kilibaki 31,200, kosa la oda 15,000, kiliharibika 9,000, kiliungua 4,200.

Kama unatumia Google Sheets kwenye simu, fungua ukurasa mmoja kwa kila wiki. Safu A tarehe, B chakula, C kiasi, D gharama ya kipimo kimoja, E sababu, F hasara. Kwenye F2 andika ya kwanza hapa chini, halafu ivute kwenda chini. Ya pili iweke pembeni, inakupa jumla ya chakula kimoja kwa sababu moja:

```
=C2*D2
=SUMIFS(F:F,B:B,"Wali",E:E,"Kilibaki")
```

Andika majina kwa namna moja kila siku. Leo "Wali", kesho "Wali mweupe", hesabu itauruka huo wa pili. Simu ikikataa mkato, jaribu nukta mkato (;) badala yake.

4. SOMA MAJIBU

Ukiangalia ndoo, wali ndio mwingi, kilo 16. Samaki ni vipande 7 tu. Lakini kwa hela wanakaribia kulingana. Na samaki hawa wengi hawakumwagwa kwa sababu mpishi alikaanga kupita kiasi. Walimwagwa kwa sababu ya oda: mtu ameandika kwenye kundi halafu ameandika tena inbox, wewe ukahesabu wawili. Au ameagiza, kisha simu haipokelewi. Ukipunguza samaki wa kukaanga hujatibu kitu. Dawa ni orodha moja ya oda inayofungwa saa nne asubuhi, na samaki haingii kwenye mafuta mpaka mteja ametuma hela au sehemu ya hela.

Kwenye wali, rudi uangalie siku. Kilo 13 zilizobaki ziligawanyika hivi: Jumatatu 2, Jumanne 1.5, Jumatano 2, Alhamisi 1.5, Ijumaa 6. Kwa hiyo tatizo sio wali, ni wali wa Ijumaa, siku ambayo wateja wengi wakitoka swala wanapitiliza kula kwingine. Kilo 6 za wali ni mchele kama kilo 2.4. Ijumaa pika mchele kilo 8 badala ya 10. Ukiacha hiyo akiba ndogo utaokoa mchele wa 5,600. Usitegemee gesi kupungua kwa kiwango hicho hicho, maana sufuria linachemka karibu muda ule ule.

Maharage kilo 3 yaliyochacha yalitokea siku moja. Hilo ni tukio, bado sio tabia. Lisubiri. Wiki moja inakuonyesha pa kuangalia, wiki nne ndio zinakuonyesha mazoea.

5. USITAFUTE SIFURI

Sahani ya wali maharage unauza 2,500. Ndani kuna wali gramu 400 (560) na maharage gramu 200 (400), jumla 960. Mteja mmoja akikuta chakula kimeisha, umekosa 1,540. Hiyo ni zaidi ya kumwaga kilo nzima ya wali. Kwa hiyo andika pia kila chakula kiliisha saa ngapi. Kikiisha saa saba kasorobo huku watu bado wanakuja, umepunguza kupita kiasi. Kubakiza kilo moja na nusu kwenye sufuria la kilo 25 ni bei ya kutomfukuza mteja.

6. UTAJUAJE KAMA DAFTARI LINASEMA KWELI?

Mara moja kwa wiki, fanya hesabu ya sufuria moja. Wali ulioiva kilo 25. Umeuza sahani 52 za gramu 400, hiyo ni 20.8. Wafanyakazi watatu wamekula 1.2. Daftari limeandika kilichobaki 1.5. Jumla 23.5. Kilo 1.5 iko wapi?

Usikimbilie kuwaza wizi. Ukiigawa kwa sahani 52 ni karibu gramu 29 kila sahani, yaani upawa uliojaa kidogo kuliko unavyodhani. Pima sahani tano mfululizo bila kutangaza, utapata jibu. Sahani zikiwa na uzito sahihi, basi kuna vinavyomwagwa bila kuandikwa.

Na hapo kuna jambo moja linaloua daftari haraka kuliko yote: kumkata mpishi mshahara kwa wali ulioungua. Siku ukifanya hivyo, wali hautaacha kuungua. Utaacha kuandikwa.

Anza kesho na vyakula vinne tu unavyouza zaidi. Ijumaa jioni jumlisha, chagua sababu moja iliyokula hela nyingi, na wiki inayofuata badilisha hiyo moja tu, ili ukiona tofauti ujue imetoka wapi.

Kwako kinachobaki zaidi ni nini, na siku gani? Tuandikie hapo chini.