Darasa lako liseme nini unapoomba ufadhili

Walimu wengi wanaoomba ufadhili wa shahada ya uzamili katika uongozi wa elimu huandika maelezo binafsi mazuri ya kazi nyingine. Huandika jinsi wanavyofundisha. Wanaeleza zana walizotengeneza kwa maboksi, watoto waliofaulu na vyeti walivyopewa, na yote ni kweli. Lakini anayesoma maombi hayo hachagui mwalimu bora wa somo. Anamtafuta mtu ambaye kazi yake ilivuka mlango wa darasa lake na kubadilisha ufundishaji wa mwalimu mwenzake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi anayoombewa fedha za kuisomea.

Njia rahisi ya kuliona jambo hili ni kumfuata mwombaji mmoja. Huyu nimemtunga, pamoja na tarakimu zake, ila mazingira yake ni ya kawaida kabisa. Ni mwalimu wa Kiswahili darasa la tatu katika shule ya msingi ya kijijini mkoani Simiyu, ambako watoto wengi huongea Kisukuma nyumbani. Rasimu yake ya kwanza inaanza kwa kusema kwamba ameupenda ualimu tangu utotoni na kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Aya ya pili inasimulia umaskini wa familia yake. Darasa linakuja aya ya nne, kwa sentensi moja: “Nilifanikiwa kuinua kiwango cha usomaji.”

Sentensi hiyo ndiyo mgodi wake, na ndiyo aliyoipita mbio. Tukimkalisha na kumuuliza, anaeleza hivi. Mwezi Februari alimpa kila mtoto aya fupi ambayo hawajawahi kuiona, akamsikiliza mmoja mmoja. Kati ya wanafunzi 84, 31 hawakuweza kuisoma. Jambo lililomshtua ni kwamba baadhi ya hao 31 walikuwa “wakisoma” vizuri ubaoni, kumbe wamekariri kwa kufuata sauti za wenzao. Akawapanga katika makundi matatu kwa kadiri ya uwezo wa kusoma, si kwa umri wala viti, akatenga nusu saa kila asubuhi kwa silabi, maneno na sentensi. Alipowapima tena Septemba, waliobaki bila kusoma walikuwa 12, na wengi wao ni wale waliokosa shule kwa wiki nzima nzima wakichunga ng’ombe.

Sasa kuna ushahidi: hali aliyoikuta, alichofanya, kilichobadilika, na pale jitihada ilipokwama. Wale 12 wasifutwe kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Msomaji anayewaona pamoja na sababu yao anaamini tarakimu nyingine zote. Anaona pia kwamba mwandishi anajua mpaka wa kazi ya darasani: kundi la kusoma halimrudishi mtoto kutoka machungani, na kwa hilo shule inahitaji kuzungumza na wazazi na serikali ya kijiji.

Hata hivyo, hadi hapa bado ni habari ya ufundishaji. Uongozi unaanza anapomfuata mwalimu wa darasa la pili, mama mwenye miaka mingi kazini, kumwomba waanze makundi hayo mapema. Akajibiwa, “Mdogo wangu, mimi nina mada za kumaliza.” Hakubishana. Alimwomba mkongwe huyo amsaidie kuwasikiliza watoto wake wakisoma, asubuhi moja tu. Yule mama akagundua kwamba watoto watatu aliowavusha mwaka uliopita akiamini wanasoma, hawasomi. Wiki iliyofuata akaomba ile aya ya kupimia. Kisha wakalipeleka jambo hilo kwenye jumuiya ya kujifunza ya shule, yaani vile vikao vya walimu vinavyofanyika chini ya mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, na walimu wengine wawili wakajiunga.

Katika maelezo yote, kisa hiki ndicho kinachostahili nafasi kubwa kuliko vyote, na mwombaji hakukiandika. Alipoulizwa kwa nini, alisema alidhani “uongozi” maana yake ni cheo, naye hajawahi kuwa hata mwalimu wa taaluma. Dhana hiyo inawanyima walimu wengi. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na takriban miaka miwili, na humtaka mwombaji aoneshe uongozi na ushawishi wake. Ushawishi si lazima uwe na kiti. Kumfanya mwalimu aliyekuzidi miaka kazini abadili anavyoanza asubuhi yake ni jambo ambalo hata wakuu wa shule wengi hushindwa.

Baada ya hapo msomaji atauliza: kama mambo yalikwenda vizuri, unataka kusoma nini tena? Rasimu nyingi hujibu kwa kusifu chuo. Mwombaji wetu ana jibu lenye uzito zaidi. Alipokwenda likizo ya uzazi, makundi yalikufa. Aliporudi alikuta ratiba ya zamani, na ile aya ya kupimia imehifadhiwa kabatini. Hakuna aliyeyapinga. Hayakuwa kazi ya mtu yeyote ila yake. Basi swali lake la kitaaluma ni hili: shule inafanyaje ili utaratibu mzuri usimtegemee mwalimu mmoja?

Swali hilo lina nyumba katika fani. Mwaka 2008 Viviane Robinson wa Chuo Kikuu cha Auckland na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti kuhusu aina za uongozi wa shule na matokeo ya wanafunzi. Aina iliyoonekana kuwa na nguvu kuliko nyingine ilikuwa ile ya kiongozi anayekuza mafunzo ya walimu wake na kushiriki humo yeye mwenyewe, badala ya kuidhinisha ratiba na kuondoka. Mwombaji anaweza kuiweka hoja hiyo mbele ya kikao chake cha MEWAKA na kueleza kwamba anataka kozi yenye moduli za uongozi wa ufundishaji na usimamizi wa mabadiliko, kisha ataje moduli zenyewe kama zilivyo kwenye ukurasa wa chuo husika. Hapo kozi inajibu tatizo, na msomaji anaona kwa nini ni hii wala si nyingine.

Mipango ya baadaye ndiyo huharibu maelezo mengi yaliyoanza vizuri. Mtu aliyeandika kwa makini kuhusu watoto 84 anamaliza kwa kuahidi kuleta mapinduzi ya elimu Tanzania. Afadhali aandike hatua zilizo katika mfumo anaoujua: arudi kwenye halmashauri yake, ajaribu utaratibu huo katika shule za kata moja kwa kushirikiana na afisa elimu kata, na upimaji wa kusoma wa Februari na Septemba uingie kwenye mpango wa shule chini ya mwalimu wa taaluma, ili ubaki hata walimu wakihamishwa. Chevening humtaka mnufaika arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Mpango wa kata moja unaenea katika muda huo.

Wasomaji wa maombi si wote wanaoijua shule ya Tanzania. Afisa elimu kata, mwalimu wa taaluma na MEWAKA vielezwe kwa maneno machache palepale vinapotajwa. Mtoto asitajwe kwa jina. Na mwalimu mkuu atakayeandika barua ya udhamini aonyeshwe rasimu mapema, kwa sababu yeye ndiye aliyeyaona makundi yakianza na yakisimama. Barua yake ikisema tu kwamba mwombaji ni mchapakazi na mwadilifu, kisa cha mwalimu wa darasa la pili kitabaki bila shahidi.