Sensa inasema "imeshindwa", kumbe ujumbe umefika

Tangi letu la maji liko shambani, kama kilomita tatu kutoka mtaani, na katikati ni minazi mitupu. Likikauka bila mtu wa pampu kujua, mtaa mzima unalala na ndoo tupu. Kijana mmoja fundi alitufungia sensa ya kupima kina, yenye redio ndogo ya LoRa aina ya RFM95. Mezani ilifanya kazi vizuri. Kule shambani ikawa kila mara inaandika kuwa ujumbe umeshindwa kufika, na betri ikawa haimalizi wiki. Hitilafu hii huwapata wengi, kwa hivyo nitaieleza hatua kwa hatua.

Redio hizi hazina mnara wala laini. Ikitoa sauti, kila redio ya masafa hayo inasikia. Ndiyo maana maktaba ya RadioHead, wanayoitumia mafundi wengi wa Arduino, hubandika mbele ya kila ujumbe baiti nne: anwani ya anayepelekewa, anwani ya aliyetuma, namba ya ujumbe na alama za ziada. Anwani ni namba tu, 0 hadi 254. Namba 255 maana yake "nyote", na ujumbe wa nyote haurudishiwi risiti.

Risiti ndiyo kiini cha kisa chetu. Tangi, namba 2, linatuma kwa kituo, namba 1. Kituo kikipokea kinajibu kwa ujumbe mfupi sana. Tangi lisiposikia jibu kwa muda uliowekwa, hutuma tena, na kwa kawaida hurudia mara tatu zaidi kabla ya kukata tamaa. Ni kama kutuma pesa kwa simu usione ujumbe wa kuthibitisha. Tofauti ni kwamba hapa kurudia hakuleti hasara ya hesabu, kwa sababu kituo kikiona namba ya ujumbe ni ileile hujibu tu, hakiandiki kipimo mara mbili.

Sasa angalia muda. RadioHead husubiri risiti kwa milisekunde 200, na huongeza kiasi cha bahati nasibu hadi kufika 400. Kwa mpangilio wa mezani, SF7, risiti huchukua milisekunde 31 hewani. Muda unatosha na kubaki. Lakini ili afike mbali, fundi aliipandisha redio hadi SF12. Kila ngazi ya SF hufanya ujumbe usikike mbali zaidi kwa kuuburuta, na muda wake hewani hukaribia kuongezeka maradufu. Kwenye SF12 kipimo chetu cha baiti 12 huchukua sekunde 1.32, na risiti peke yake sekunde 0.83. Tangi linachoka kusubiri kabla risiti haijaisha kusemwa! Linaanza kutuma tena juu ya sauti ya kituo, na wote wawili hawasikilizani.

Dalili yake ni hii: fungua kompyuta iliyounganishwa na kituo. Ukiona vipimo vinaingia sawasawa huku tangi linalalamika, tatizo si umbali wala antena. Ni muda wa kusubiri. Dawa ni mistari miwili:

```
manager.setTimeout(1500);
manager.setRetries(3);
```

Hapo betri inapona. Lakini kuna sheria ya hewa. Ulaya, kwenye megahezi 868.0 hadi 868.6, kifaa hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Hata mahali ambapo kanuni ni nyingine, mimi naona ni kipimo cha adabu, maana hewa ni ya wote. Ukituma kila dakika tano, ni mara 12 kwa saa, takriban sekunde 16. Uko salama. Siku ya hitilafu, kila ujumbe ukitumwa mara nne, zinakuwa sekunde 63. Kwa hivyo piga hesabu ya siku mbaya: kila dakika kumi, hata ikirudia zote, ni sekunde 32 hivi.

Kwa maoni yangu, kabla ya kugusa SF ni bora kupandisha antena juu ya minazi. Tulipofanya hivyo SF9 ilitosha, na kipimo kikashuka hadi milisekunde 165.

Na kituo nacho kina hesabu yake, jambo linalosahaulika. Risiti pia ni kutuma. Mitaa ya jirani ikiunganisha matangi hadi yawe manane, kila moja likituma mara sita kwa saa kwenye SF12, risiti peke yake zitakula sekunde 40, hata bila ujumbe mmoja kurudiwa. Kwenye SF9 ni sekunde sita tu.